Silipu ya benki ilitumwa kama picha ya kutazamwa mara moja, sasa hakuna anayeweza kuifungua

Mama wa Kibuye: Hamjambo ndugu zangu. Chama chetu hapa Kisumu kina wanachama 16, na kila mmoja hutoa shilingi 3,000 kwa mwezi, ambazo mweka hazina hupeleka benki. Mwezi uliopita alituma silipu katika kundi letu la WhatsApp kama picha ya kutazamwa mara moja. Wanne waliifungua: wawili wanasema waliona 48,000, wawili 43,000. Mimi nilikuwa matangani Siaya, nikaifikia siku ya 17, nikakuta muda wake umekwisha. Silipu yenyewe imepotea. Je, picha hiyo yaweza kurudishwa? Sitaki kumwonea mtu aliyetutumikia miaka 5.

Fundi Kondele: Dada, ondoa WhatsApp kwenye simu, uiweke upya, kisha urejeshe bakapu. Kwa kuwa hukuifungua, itakuwemo.

Jirani wa Milimani: Tafadhali usiiondoe kwanza. Ni kweli kwamba picha ya namna hiyo huingia katika bakapu ikiwa haijafunguliwa, lakini isipofunguliwa kwa siku 14 hutoweka, na bakapu mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Unaweza kupoteza mazungumzo mengine bure. Muulize mweka hazina kwa upole: aliipiga kwa kamera ya simu, au ndani ya WhatsApp? Ikiwa alipiga kwa kamera kisha akaituma, ile ya asili ilibaki katika galari yake, na hata akiifuta, Google Photos huweka picha zilizopakiwa humo katika pipa la taka kwa siku 60. Hata hivyo, picha isiwasumbue sana. Watia sahihi wa akaunti waombe benki taarifa ya mwezi huo, kwa maana ndiyo inayoonyesha kiasi kilichoingia na tarehe yake.

Mpangaji wa Nakuru: Yalinipata hayo pia. Picha ya nyumba niliyotumiwa na ajenti ilikataa kushuka, nikamwomba aitume tena, ikafunguka.

Jirani wa Milimani: Yako ilikuwa picha ya kawaida, ndugu yangu. Huyu hata mtumaji hawezi kuifungua tena kutoka katika mazungumzo.

Mama wa Kibuye: Asanteni. Aliipiga ndani ya WhatsApp, kwa hiyo galari haina kitu. Leo mwenyekiti na katibu wameleta taarifa ya benki: 43,000 ziliingia siku ile, na 5,000 siku tatu baadaye. Nadhani wale wawili walikumbuka kiasi tulichotarajia wakadhani ndicho walichokiona. Lakini kwa nini hizo 5,000 zilichelewa, na kwa nini picha ilitumwa kwa njia hiyo, mweka hazina bado hajaeleza. Tutamsikiliza katika mkutano wa Jumapili, na nimeomba asihukumiwe kabla hajazungumza.