Makrofaji na nyutrofili: nani anaua bakteria saa sita za kwanza?

Mwaka_wa_Pili
Wakuu, habari. Tuseme mtu kachomwa na mwiba kiganjani, stafilokokasi wameingia chini ya ngozi. Makrofaji zipo hapohapo, nyutrofili bado ziko kwenye damu. Tunafundishwa kwamba zote mbili "humeza bakteria", basi. Zinawatambuaje, zinawauaje, na saa sita za kwanza mzigo mkubwa unabebwa na nani?

Kibaoni
Rahisi. Makrofaji inatambua, nyutrofili inaua. Nyutrofili haina vipokezi vya kumjua bakteria. Inakuja kwa kuwa imeitwa, halafu inameza chochote inachokikuta.

Hadubini
Mkuu Kibaoni, mgawanyo wa kazi umeukaribia, ila hapo kwenye vipokezi sikubaliani nawe.

Makrofaji ya ngozi inakutana na bakteria dakika za mwanzo kabisa. Kipokezi chake cha TLR2 kinashika lipoprotini za stafilokokasi, na seli inaanza kumwaga TNF, IL-1 na CXCL8. Hizo ndizo zinazofanya ukuta wa mishipa midogo ya jirani uwe na vishikizo: nyutrofili inapunguza mwendo, inabiringika, inanata, kisha inapenya. Za mwanzo zinaingia kwenye tishu ndani ya saa moja au mbili, na wingi wake unaendelea kupanda saa nyingi baada ya hapo.

Lakini ikishapenya haiendi kipofu. Bakteria huanza kila protini kwa formili-methionini, na vipande vyake vinavuja. Nyutrofili inavihisi kwa kipokezi cha FPR1 na kufuata upande vinakozidi. Ikimfikia bakteria, kinachoamua ni kama amepakwa komplimenti au kingamwili ya IgG. Ukitaka kuliona hilo maabara, pasha seramu nyuzi 56 kwa dakika 30 ili komplimenti iharibike, kisha itumie kumpaka bakteria: nyutrofili zitameza wachache mno kuliko kawaida. Makrofaji nayo hupenda aliyepakwa, ila ina vipokezi zaidi vya kumshika asiyepakwa, kwa mfano kile cha sukari ya manosi.

Stafilokokasi anajua kuvuruga hapo. Protini A yake inaikamata IgG kwa mkia, ule ambao nyutrofili ingeushika.

Dakt_Njeri
Niongeze upande wa kuua, maana tofauti kubwa iko huko. Nyutrofili inafika na silaha zimeshatengenezwa, zimefungwa kwenye vifuko. Bakteria akishamezwa, vifuko vinamwagwa juu yake ndani ya dakika chache. Papo hapo kimeng'enya cha NADPH oksidesi kinageuza oksijeni kuwa superoksidi, na mwisho mayeloperoksidesi inatengeneza asidi ya haipoklorasi, jamaa wa karibu wa kile kinachofanya kazi kwenye jiki. Makrofaji inategemea zaidi kukitia asidi kile kifuko cha kumezea, pH ikashuka hadi karibu 5, kisha lisosomu ziungane nacho. Ni njia ya taratibu, na stafilokokasi kadhaa wanaivumilia wakabaki hai humo ndani.

Ushahidi mzuri ni watoto wanaozaliwa na hitilafu ya hiyo NADPH oksidesi. Nyutrofili zao ni tele na zinameza vizuri, lakini majipu ya stafilokokasi hayawaishi. Kipimo cha DHR kinaionyesha: nyutrofili nzima ikichokozwa inang'aa, zao zinabaki gizani. Makrofaji zao zina hitilafu hiyohiyo, kwa hiyo tusizitwike nyutrofili lawama yote.

Mama_Zuhura
Samahani kuwaingilia. Kipimo cha damu cha mwanangu kinaonyesha nyutrofili 1.2, wameiwekea alama ya chini. Haumwi. Ina maana hana wa kuua bakteria?

Dakt_Njeri
Mama Zuhura, hiyo ni 1,200 kwa mikrolita. Kwetu Afrika wengi wana chembe nyekundu zisizo na alama ya Duffy, na nyutrofili za kwenye damu yao huhesabiwa chache bila wao kuugua zaidi. Kipimo kirudiwe, na daktari wake aangalie umri na dawa anazotumia. Hatari kubwa ni chini ya 500. Huko homa inapanda, kwa sababu makrofaji bado zinapiga kelele, lakini usaha ni kidogo au haupo, kwani usaha kwa sehemu kubwa ni nyutrofili zilizokufa. Mwenye hesabu hiyo akipata homa, ni hospitali siku hiyohiyo.

Kibaoni
Nimeelewa kuhusu FPR1, asante Hadubini. Na ule wavu wa DNA ambao nyutrofili hutupa nje? Huo si ndio unaoua zaidi?

Hadubini
Unanasa, hilo halina ubishi. Kama unaua, wataalamu bado wanavutana, kwa sababu ukiongeza kimeng'enya cha kukata DNA, baadhi ya bakteria walionaswa hutoka wakiwa hai na kuota. Tena stafilokokasi ana nyuklesi yake ya kuukata wavu huo. Halafu kwenye sahani za maabara aina ya kawaida ya wavu huchukua saa mbili hadi nne kutoka, kwa hiyo Mwaka_wa_Pili, ndani ya saa zako sita ningehesabu kwanza waliomezwa.

Mwaka_wa_Pili
Sawa, mkuu. Na makrofaji zikiondolewa kabla ya mwiba, nyutrofili zitachelewa, au seli za ngozi na zile za masti zitaziita zenyewe?