Zimebaki siku 13 kabla ya marathoni ya Moshi: nipunguze kilomita peke yake, au na kasi pia?

Dada wa Kisasa (mleta mada)

Habari za jioni wadau. Ninajiandaa kwa marathoni ya Kilimanjaro, kilomita 42 kamili, na mbio ni Jumapili ya wiki ijayo. Lengo langu ni kumaliza kwa saa 3 na dakika 45, yaani wastani wa dakika 5 na sekunde 20 kwa kila kilomita. Kwa wiki kadhaa sasa nimekuwa nikikimbia kilomita 70 kwa wiki, kwa mpangilio huu: Jumanne kilomita 11, ambamo ndani yake ninakimbia vipande sita vya kilomita moja kwa dakika 4:50, Jumatano 8 za taratibu, Alhamisi 14, kumi kati yake kwa kasi ya mashindano, Jumamosi 7 za taratibu, na Jumapili mbio ndefu. Jana nilikimbia 30 kwenye barabara ya Iringa, na upepo ulinipiga usoni njia yote ya kurudi, lakini nilimaliza vizuri.

Katika kundi letu la asubuhi nimepewa ushauri wa aina mbili. Wapo wanaosema nisikimbie tena hadi siku yenyewe, ila nitembee tu. Wengine wanasema Jumapili hii nirudie mbio ndefu, safari hii 35, ili miguu isisahau. Ninaelewa kwamba lazima nipunguze, lakini sijui nipunguze kiasi gani, na zaidi sijui kama ile kasi ya Jumanne na Alhamisi niiache au niendelee nayo. Naomba msaada wenu.

Mpenda Asubuhi

Dada, pumzika. Misuli iliyokimbia kilomita 30 jana ina michubuko midogo midogo ndani yake ambayo huioni, na akiba ya wanga kwenye miguu imeshuka sana. Vyote viwili vinahitaji muda na chakula ili virudi. Mazoezi utakayofanya sasa hayatakusaidia siku ya mbio, kwa sababu mwili huchukua si chini ya siku kumi kugeuza zoezi gumu kuwa nguvu. Kwa hiyo mimi ningeacha kabisa kukimbia, hasa kwa kasi, maana kasi ndiyo inayoumiza watu dakika za mwisho.

Bint Chamwino

Kama shida ni kupunguza, acha ugali wa usiku na soda kuanzia leo, kisha kula matunda na mboga kwa wingi. Ndani ya siku 13 unaweza kutoa kilo mbili na ukakimbia mwepesi.

Dada wa Kisasa

Asante Bint Chamwino, ila sikumaanisha kupunguza uzito. Nilimaanisha kupunguza mazoezi kabla ya mashindano.

Kocha Mstaafu

Mleta mada, swali lako ni zuri. Nitalijibu kwa hesabu zako mwenyewe.

Mpenda Asubuhi amesema kweli kuhusu misuli na akiba ya wanga, na pia kwamba zoezi gumu la sasa halitazaa matunda kufikia siku ya mbio. Kwa sababu hiyo zile 35 za Jumapili usizifanye. Nisichokubaliana naye ni hatua aliyoichukua baadaye. Ukiacha kukimbia kabisa, ndani ya siku chache tu sehemu ya maji kwenye damu huanza kupungua, moyo hulazimika kupiga zaidi kwa kasi ileile, na miguu hupoteza ule mwitikio wake wa haraka. Mkimbiaji hufika kwenye mstari akiwa amepumzika kweli, lakini kilomita kumi za kwanza anaziona nzito na hajui kwa nini. Kinachochosha mwili ni wingi wa kilomita, na kinachoulinda usilale ni ile kasi kidogo. Kwa hiyo kata wingi, acha kasi ilivyo, na usibadilishe siku zako tano za kukimbia.

Wiki hii fanya hivi. Kesho Jumanne usikimbie vipande sita, kimbia vinne, lakini kwa dakika 4:50 zilezile, na ukijumlisha kupasha misuli na kupoza mwili utapata kilomita 9. Jumatano 6. Alhamisi 9, tano kati yake kwa 5:20. Jumamosi 5. Jumapili 15 za taratibu, na kama unajisikia vizuri, tatu za mwisho ziwe za kasi ya mashindano. Jumla ni 44 badala ya 70.

Wiki ya mbio, Jumanne kimbia 7, tatu za katikati kwa 5:20, na usiende kasi zaidi ya hapo. Jumatano 5 za taratibu. Alhamisi 5, na mwishoni ongeza mbio fupi tano za sekunde 20, za kasi lakini bila kukaza mabega, ukitembea hadi pumzi irudi kila baada ya moja. Ijumaa pumzika. Jumamosi 3 nyepesi kabisa. Hizo ni kilomita 20, wakati kwa kawaida siku hizohizo hukupa 40.

Uwe mwangalifu sana kesho na siku zinazofuata, kwa sababu miguu ikishaanza kupona utajikuta unakimbia kipande cha kilomita kwa 4:30 bila kukusudia, na utafurahi. Hapo ndipo wengi wanapoiacha marathoni yao mazoezini. Ukitazama saa baada ya mita 400 na kuona umetangulia, punguza palepale. Kipande cha nne kikiisha unatakiwa uone kwamba ungeweza kukimbia viwili zaidi.

Kuhusu uzito, Bint Chamwino ana nia njema, lakini huu si wakati wake. Kila gramu ya wanga inayohifadhiwa kwenye misuli hukaa na takribani gramu tatu za maji, kwa hiyo mwili ukijaza akiba mizani inaweza kupanda kilo moja au zaidi. Huo si unene. Kuanzia Alhamisi ya wiki ya mbio kula wali, ugali, viazi na ndizi zaidi ya kawaida, na Jumamosi punguza maharage na mboga nyingi ili tumbo lisikusumbue njiani.

Mwana Ikungi

Kwa heshima zote kocha, naona hizo kilomita ni chache mno. Kijana wetu wa Singida, Alphonce Simbu, alichukua ubingwa wa dunia Tokyo mwaka 2025 kwa saa 2:09:48, muda uleule wa aliyemfuata, wakatenganishwa kwenye mstari. Mtu hafiki pale kwa kukimbia kilomita 20 katika wiki ya mashindano.

Kocha Mstaafu

Mwanangu, wakimbiaji wa kiwango hicho nao hupunguza. Tofauti ni mahali wanapoanzia. Anayekimbia kilomita 180 kwa wiki akikata nusu anabaki na 90, na wewe ukiziona unadhani hajapunguza kitu. Usimpe dada huyu kilomita za mtu mwingine. Mpe sehemu ya zile zake.

Mlima Chimwaga

Naomba kuongeza jambo ambalo sijaona likitajwa. Moshi si tambarare kama barabara ya Iringa, kwani nusu ya pili ina mlima mrefu wa kuelekea Mweka, kisha mnateremka kurudi mjini. Je, si vyema wiki hii afanye zoezi moja la milima kule UDOM ili miguu ikumbuke?

Kocha Mstaafu

Kupanda hakuna shida, hata vile vipande vinne vya kesho anaweza kuvifanya kwenye mwinuko mdogo, mradi asiangalie saa bali ajipime kwa pumzi. Shida ni kuteremka. Unapoteremka kwa kasi, misuli ya mbele ya mapaja hufanya kazi ya kuzuia mwili huku ikivutwa, na hiyo ndiyo kazi inayoiumiza kuliko zote. Maumivu yake hufikia kilele siku ya pili au ya tatu, na nguvu yenyewe huchelewa kurudi hata baada ya maumivu kuisha. Ndani ya siku kumi za mwisho, ukipanda kilima cha Chimwaga, rudi chini kwa kutembea.

Fundi wa Nkuhungu

Shikamoo kocha. Mimi nitakimbia mbio hizohizo. Nilipata malaria, nikakaa ndani wiki nzima, na dozi nimeimaliza juzi. Nimekosa mbio ndefu mbili. Nilikuwa nimepanga wiki hii nizifidie zote, kisha wiki ya mwisho ndipo nipunguze. Inawezekana?

Kocha Mstaafu

Marahaba. Usifidie. Kilomita ulizokosa zimekwenda, na ukizirundika sasa utaongeza uchovu juu ya mwili ambao bado unajenga damu. Rudi kwanza kwa daktari akupime na akuambie kama wingi wa damu umerudi. Hata akikuruhusu kukimbia, ningekushauri uulize waandaaji kama unaweza kuhamia nusu marathoni. Ratiba niliyomwandikia mleta mada haikuhusu wewe, kwa sababu yeye anapunguza mzigo uliojaa, na wewe mzigo wako tayari ni mwepesi.

Dada wa Kisasa

Nashukuru sana kocha. Leo Jumatano naleta mrejesho: jana nilifanya vipande vinne, vya kwanza viwili vikatoka 4:46 na 4:47, kisha nikajizuia. Lakini leo kwenye zile sita za taratibu miguu ilikuwa mizito kuliko wiki za kilomita 70, na goti la kushoto limeanza kuuma ghafla. Je, ni kawaida?

Kocha Mstaafu

Uzito wa miguu katika wiki ya kwanza ni jambo la kawaida kwa wengi, usiufuate kwa kuongeza mazoezi. Kuhusu goti, angalia mambo mawili. Maumivu yanayohamahama, au yanayopotea ukishapasha misuli, yaache yapite. Yakikaa sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, na yakazidi kadiri unavyokimbia, kesho usikimbie, na muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo kabla ya Jumapili.

Dada wa Kisasa

Yalipotea baada ya kilomita mbili. Swali la mwisho: basi letu linaondoka Dodoma Ijumaa alfajiri kupitia Kondoa na Babati, karibu kilomita 500 za kukaa. Zile 3 za Jumamosi bado nizikimbie?

Kocha Mstaafu

Ndiyo, asubuhi, pamoja na mbio fupi tatu, ili kuondoa ugumu wa safari. Kwenye basi simama na utembee kila linaposimama.

Mpenda Asubuhi

Hapo kocha bado hujanishawishi. Baada ya safari ya namna hiyo mimi Jumamosi ningelala, na najua wakimbiaji wazuri wanaofanya hivyo kila mwaka.

Kocha Mstaafu

Nao siwezi kusema wanakosea, kwa sababu kilomita tatu hazijengi wala hazibomoi. Dada, ukiamka Jumamosi miguu ikiwa imevimba au usingizi haukutosha, tembea dakika 20. Ukiamka vizuri, kimbia.