UTM moja kwa moja au gridi ya eneo: kuweka vigingi vya ghala kwa risiva ya GNSS

Kigingi_Kibaha: Ndugu wapimaji, nimepewa orodha ya koordineti za nguzo za ghala la mita 60 kwa 25, Kibaha, katika UTM kanda ya 37 kusini, Arc 1960. Niliweka besi juu ya bikoni ya kontroli, na kila kigingi kilisoma chini ya sentimita moja na nusu kwenye skrini ya rova. Hata hivyo, fundi alipovuta utepe wa chuma alipata upande mrefu ni mita 60.026. Je, niendelee na UTM, au nitumie gridi ya eneo?

Fundi_Msingi: Pimeni kona kwa kona. Vipimo viwili vikilingana jengo liko sawa, na hizo milimita 26 ni za risiva tu.

Bi_Rova: Yalinikuta hayo Bagamoyo. Mradi ulikuwa umefunguliwa katika WGS 84 ilhali orodha ni ya Arc 1960, rova ikanipeleka karibu mita 300 nje ya kiwanja. Kagua mipangilio yako.

Mzee_wa_Bikoni: Bi Rova, kosa la datamu lingehamisha jengo zima bila kulirefusha hivi, kwa hiyo silo hili. Fundi, kona kwa kona huthibitisha pembe, lakini ghala lililokuzwa sawasawa pande zote bado litalingana kona kwa kona.

Kibaha iko karibu na meridiani ya nyuzi 39, ambako UTM hufupisha umbali kwa 0.9996. Mchoraji akichora mita halisi kisha akaubandika mchoro juu ya UTM, mita 60 zake zitakuwa 60 / 0.9996, yaani 60.024 ardhini, na mwinuko wa eneo huongeza kama milimita moja. Makosa ya risiva hutawanyika huku na huku, bali hili hukua kadiri umbali unavyokua. Pima upande mfupi: ukizidi kwa takriban milimita 10, tumempata.

Kigingi_Kibaha: Nimepima pande zote mbili fupi: 25.012 na 25.009. Basi nifanye kalibresheni kwa bikoni nne?

Mzee_wa_Bikoni: Haitasaidia ikiwa bikoni zenyewe zina koordineti za UTM, kwa sababu zimebeba skeli ileile. Kwanza mwombe mchoraji athibitishe. Kisha shikilia kona moja, zidisha tofauti za mashariki na kaskazini kutoka kona hiyo kwa 0.99958, na uhifadhi orodha kwa jina jipya ili mtu asiichanganye na ile ya awali. Kwa mashimo ya msingi rova inatosha. Boliti za nguzo za chuma ziwekwe kwa totali stesheni.

Fundi_Msingi: Nimeelewa kuhusu kona kwa kona. Ila mimi ningeshikilia katikati ya jengo, ili kila ncha isogee milimita 13 tu.

Mzee_wa_Bikoni: Hesabu yako ni sahihi. Mimi bado napendelea kona iliyo karibu na mpaka wa kiwanja, kwa kuwa ndiyo itakayokaguliwa.