Tupeane uzoefu: mnaotengeneza mifumo ya wateja peke yenu, traka ya kazi mnaipangaje kila wiki?

Mkaa_Pekee
Wakuu, jana mteja kanipigia kuuliza kazi yake imefika wapi, nikajikuta nachimba wasapu kutafuta tulikubaliana nini. Nina wateja watano na niko peke yangu, sina wa kumtuma. Ubao wa Trello ninao tangu mwaka jana, una kadi 64, na 11 kati ya hizo zimekaa kwenye safu ya "Inafanyika". Haiwezekani mtu mmoja awe anafanya vitu 11. Wenye uzoefu, mnaandika nini, mnaacha nini, na Jumatatu mnaanzia wapi?

Dada_Mbezi
Hiyo safu ya "Inafanyika" hata mimi ndiyo inayoniua. Naweka kambi hapa.

Fundi_Tabata
Mkuu umenikumbusha Januari moja ambayo sitaki irudi. Shule binafsi ilitaka mfumo wa ada kabla ya wanafunzi kufungua, duka la dawa lilitaka hesabu ya stoo irekebishwe, na SACCOS moja ilitaka ripoti ya mikopo. Wote watatu niliwaambia Ijumaa. Kila kazi nilikuwa nimeikadiria siku mbili. Mbili mara tatu ni sita na wiki ya kazi ina siku tano, lakini hesabu hiyo sikuiona kwa sababu kazi moja ilikuwa kwenye wasapu, nyingine kwenye barua pepe, ya tatu kichwani.

Alhamisi saa 8 usiku nikawa namalizia sehemu ya shule ya kuwakumbusha wazazi wanaodaiwa. Sikuwa na muda wa kutengeneza nakala ya majaribio, nikafanyia kwenye data yenyewe. Kwenye amri ya kuchagua wadaiwa nikasahau kipande kimoja tu:

```sql
WHERE salio > 0
```

Meseji ya deni ikaenda kwa wazazi wote, hata waliomaliza kulipa. Saa 1 asubuhi mhasibu ananipigia, mzazi amesimama getini na risiti mkononi anataka kujua nani kamwita mdaiwa mbele ya mkewe. Siku mbili nilikaa ofisini kwao napokea simu na kuomba radhi. Meseji zilizopotea nilizilipia mimi. Duka la dawa likasogea wiki nzima, na SACCOS wakatafuta mtu mwingine.

Baada ya hapo nikafungua jedwali kwenye Google Sheets, safu tano tu: mteja, kazi, hali, makadirio, halisi. Ile "halisi" ndiyo iliyonifungua macho. Baada ya wiki nane nikaona kazi ninazosema masaa 4 mara nyingi zinakula 7. Na masaa ya kazi ya mteja yenyewe, ukitoa simu, kuandika bei, kwenda mjini kuonana na watu na umeme kukatika, yalikuwa kama 21 kwa wiki. Kwa hiyo Jumatatu napanga 16, na 5 naziacha wazi kwa dharura. Chini ya jedwali kuna hii:

```
=SUMIF(C2:C40,"WIKI HII",D2:D40)
```

Inajumlisha makadirio ya kazi zenye hali ya WIKI HII. Ikivuka 16, kuna mstari unarudi kwenye "FOLENI" kabla sijagusa kazi yoyote.

Jeshi_la_Mtu_Mmoja
Masaa 16 kwa wiki halafu ule nini? Mimi napiga 60 na wateja wanapata kazi. Tatizo ni nidhamu, siyo jedwali.

Fundi_Tabata
60 za kukaa mbele ya kompyuta, au 60 za kazi ambayo mteja ataiona? Zipime wiki mbili tu, andika unapoanza na unapoacha, kisha urudi hapa.

Jeshi_la_Mtu_Mmoja
Sina muda wa kuandika muda.

Babu_Bajaji
Mimi traka nimefunga kwenye bajaji mbili, naona kwenye simu zilipo. Inasaidia sana, dereva hawezi kukudanganya kwamba yuko foleni.

Dada_Mbezi
Babu, hapa ni traka ya kuandikia kazi za wateja, siyo ya gari. Ila karibu.

BintiKisauni
Salaam kutoka Mombasa. Nimefanya kazi hizi miaka kumi, na mimi sihesabu masaa kwanza, nahesabu kazi zilizo wazi. Ukiwa na kazi 6 wazi na kwa kawaida wamaliza 2 kwa wiki, kila kazi itakaa mikononi mwako wiki 3 kwa wastani, hata ukikesha. Zikiwa 3, ni wiki moja na nusu. Hujaongeza kasi hata kidogo, umepunguza tu unazozishika kwa pamoja, na mteja aona umekuwa mwepesi. Kwa hiyo safu yangu ya "Inafanyika" haipiti kadi 3, na kadi mpya haiingii mpaka moja itoke.

Lakini kuna mtego, kaka. Watu wakisha kujiwekea kikomo hufungua safu ya "Namsubiri mteja" na kuzificha kadi huko. Mimi kila kadi ya huko huandikwa nasubiri nini na tangu lini: "picha za bidhaa, tangu tarehe 3". Ikifika siku 7 za kazi bila jibu, inarudi kwenye foleni na inapoteza nafasi yake. Hilo limo kwenye mkataba kabla ya advansi kulipwa, na siku ya tano humwandikia hivi: "Bado sijapokea picha. Zikifika baada ya Jumatano, kazi yako itaanza upya foleni, na kwa sasa mbele yako kuna wawili." Wengi huleta siku hiyo hiyo.

Kijana_Moro
Mimi natumia daftari la kawaida. Ukurasa mmoja kwa wiki, na kazi ambayo haikuisha lazima niiandike upya kwa mkono wiki inayofuata. Nikiiandika mara ya tatu najua hiyo kazi nimeikadiria vibaya au siitaki.

Jeshi_la_Mtu_Mmoja
Daftari litaliwa na panya. Pandisheni bei, wateja watapungua wenyewe na hamtahitaji traka.

Dada_Mbezi
Nilipandisha. Wakabaki wawili, na hao wawili kila mmoja anajiona ni peke yake.

Mkaa_Pekee
Nimekesha nayo usiku huu. Zile kadi 11 nimezifungua moja moja na kujiuliza kesho asubuhi ningefanya nini kwenye kila moja. Tano nasubiri kitu kwa mteja: nembo, orodha ya bei, nenosiri la seva. Tatu zimeisha kabisa ila sijalipwa. Zilizobaki kazi kweli ni tatu. Moja ya hizo tano inasubiri tangu Machi na sikuwahi kumkumbusha mtu.

Sasa hizo tatu zilizoisha bila malipo niziweke wapi?

Fundi_Tabata
Funga kadi. Kudai pesa ni kazi mpya, iandikie mstari wake na saa moja ya Alhamisi. Ukiiacha kwenye kadi ya zamani unakuwa unaiangalia tu.

BintiKisauni
Hapo tumeachana njia. Kwangu kadi haiendi "Imeisha" mpaka malipo ya mwisho yaingie, na inahesabiwa kwenye zile 3. Ikiziba nafasi ndiyo nitapiga simu.

Kijana_Moro
Na yule anayelipa kila mwezi kwa matengenezo, akapiga Jumapili tovuti imezima, anakaa wapi? Kwenye zile masaa 5 za Fundi, au anapewa siku yake? Wangu mwezi uliopita alikula Jumatatu na Jumanne zote, na kazi yenyewe ilikuwa domeni imeisha muda.