Pesa imerudishwa kwenye kadi niliyoifunga: tupeane uzoefu

Mwana wa Langoni: Assalamu alaykum wana Lamu. Niliagiza pampu ya sola kutoka nje, dola 186, nikalipa kwa kadi. Pampu ikawa imekwisha dukani, muuzaji akasema amenirudishia pesa. Kumbe akaunti ya kadi ile nilishaifunga nilipohama benki. Muuzaji ananambia nenda benki, benki wananambia rudi kwa muuzaji. Wiki ya tatu hii. Aliyepitia anisaidie.

Dau la Mpunga: Tulia. Yangu iliingia yenyewe siku ya saba, na kadi ilikuwa imekwisha muda.

Bi Karani: Dau, wewe kadi ndiyo iliyokwisha, akaunti ilikuwa hai, ndiyo maana pesa ikajua njia. Mwana wa Langoni hana akaunti. Hapo benki ama huikataa ikamrudia muuzaji, ama huiweka kwenye akaunti yao ya ndani hadi mwenyewe ajitokeze. Nimekaa dawati la kadi miaka, nimeziona zikilala humo miezi.

Mwambie muuzaji akupe ARN ya marejesho, yaani namba ya kuyafuatilia benki, tarakimu 23. Akishindwa kuitoa, huenda hajarudisha kitu, au pesa ilizuiliwa tu na haikuwahi kukatwa. Ukiipata, nenda tawini na kitambulisho, tarakimu nne za mwisho za kadi na barua ya kufunga akaunti. Andika ombi pesa ihamishiwe akaunti yako mpya, na usitoke bila namba ya malalamiko. Wakisema waliikataa, wakuandikie, kwani barua hiyo ndiyo itakayomfanya muuzaji akulipe kwa njia nyingine. Kabla ya hapo hatakubali, anaogopa kulipa mara mbili.

Fundi Jahazi: Mimi nilituma M-Pesa namba siyo, mtu akazima simu!

Bi Karani: Hiyo ni kesi nyingine, fundi. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456, na upeleke upesi.

Mwana wa Langoni: Narudi na habari. Muuzaji alizunguka siku mbili, mwisho akatuma ARN. Tawi langu la zamani liko Malindi, basi boti hadi Mokowe, kisha basi. Yule kijana wa kaunta alikuwa akitafuta kwa jina langu, haoni kitu. Nikamwambia andika namba hii. Akaandika, akanyamaza, akamwita mkubwa wake. Ilikuwa imelala kwao siku kumi na sita! Imeingia akaunti mpya siku ya nne. Ila imepungua: kiwango cha dola kilibadilika, na ada ya kuhamisha wakakata juu yake.

Dau la Mpunga: Na ada hiyo nani alipe? Kosa si lako.

Bi Karani: Nimeona benki zikiirudisha ukiibishia, nimeona zikikataa.

Shela Kwetu: Na ile kadi ya kulipia iliyo ndani ya simu, isiyoshikika mkononi, ukiifuta kabla pesa kurudi? Tawi lake wapi?