Mrejesho: testa ya kutogusa kulia wakati taa imezimwa

Niliuliza: "Nimezima swichi ya taa, mbona testa bado inalia kwenye waya wa holda?"

Wakuu, fundi kaja. Waya huo umepita bomba moja na waya wa soketi wenye umeme, kwa hiyo unapata umeme hafifu wa kuambukizwa bila kugusana. Mita ya kidijiti ilisoma volti 70 hivi kwenye holda. Tulipoweka balbu ya nyuzi, zikashuka hadi 0. Kama swichi ingekuwa imekata nyutro badala ya laivu, mita ingesoma 230 hivi kati ya waya huo na ethi.

Mimi naogopa zaidi testa ikinyamaza. Betri ikichoka, au waya ukiwa ndani ya bomba la chuma, hailii hata umeme ukiwepo. Kwa hiyo naijaribu kwanza kwenye soketi yenye umeme, napima, kisha naijaribu tena palepale.