Tupeane uzoefu: wasifu wa kwanza wa mhitimu wa kidato cha nne ambaye hajawahi kuajiriwa

Dada wa Mbagala: Ndugu zangu, mdogo wangu alifanya mtihani wa kidato cha nne mwezi Novemba, matokeo yametoka, na sasa anataka kuomba kazi ya keshia katika duka kubwa la vyakula. Tulikwenda steshenari, na mchapaji akafungua wasifu wa mtu mwingine akabadilisha jina. Penye uzoefu wa kazi aliandika "hakuna", na juu yake akaacha maneno ya mwenye wasifu wa awali, kwamba ni mtu mwenye uwezo wa kuongoza idara. Moyo wangu haukutulia. Waliopita njia hii waliandika nini mahali hapo?

Mtoto wa Genge: Mimi niliandika kwamba nilikuwa Meneja wa Mauzo, ilhali nilikuwa nikiuza nyanya na vitunguu kwenye genge la mama. Niliitwa kwenye usaili, kwa hiyo cheo kinasaidia. Kazi sikuipata, kwa sababu waliniuliza nilikuwa nasimamia watu wangapi nikakosa jibu.

Nipo Utumishi: Ndugu Mtoto wa Genge, nadhani kilichokufikisha kwenye usaili ni mauzo, na kilichokuangusha ni umeneja. Nimesoma maombi ya vijana kwa miaka tisa, na neno "hakuna" husikitisha kwa sababu mara nyingi si kweli. Dada, mdogo wako alikuwa akifanya nini wikiendi na wakati wa likizo?

Dada wa Mbagala: Alikuwa akikaa dukani kwa shangazi yetu, ambaye pia ni wakala wa kutuma na kutoa fedha kwa simu. Hakulipwa mshahara.

Nipo Utumishi: Basi uzoefu anao. Kichwa cha sehemu hiyo kiwe "Shughuli nilizofanya" badala ya "Ajira", ili asidai kisichokuwepo. Kisha aandike mahali, muda, kazi yenyewe na kiasi chake. Asiandike kwamba alikuwa wakala, kwa kuwa laini imesajiliwa kwa jina la shangazi. Je, jioni nani alikuwa akilinganisha fedha taslimu na floti?

Dada wa Mbagala: Ni yeye, na daftari la madeni pia ni lake. Alianza akiwa kidato cha tatu, yapata miezi kumi na minne, Jumamosi na Jumapili.

Nipo Utumishi: Hapo ndipo penye kazi ya ukeshia. Ningeandika hivi: "Msaidizi katika duka la rejareja la familia, Mbagala, Jumamosi na Jumapili kwa miezi 14, bila malipo. Nilihudumia wateja, nilitunza daftari la madeni, na kila jioni nililinganisha fedha taslimu na salio la floti." Idadi ya wateja aitaje ikiwa tu anaweza kuieleza akiulizwa, maana msaili atashika tarakimu hiyo kwanza. Maneno ya kuongoza idara yafutwe kabisa, na ukurasa mmoja unatosha.

Mzazi wa Iringa: Mwanangu alipoteza cheti cha kuzaliwa na tulihangaika sana kupata kingine. Andaeni nakala mapema.

Mwalimu Mstaafu: Nami niseme kuhusu wadhamini. Watu hudhani diwani au mchungaji mashuhuri ana uzito zaidi, lakini akipigiwa simu asimkumbuke mtoto, jina lake linageuka hasara. Mwalimu wa darasa anayeweza kusema kwamba mwanafunzi huyu alitunza funguo za stoo ya vitabu mwaka mzima anafaa zaidi. Aombwe ruhusa kwanza, na namba yake ihakikiwe kuwa bado inapatikana.

Dada wa Mbagala: Shikamoo, mwalimu. Je, shangazi anaweza kuwa mdhamini, ikiwa ndiye pekee aliyeiona kazi yake?

Mwalimu Mstaafu: Marahaba, mwanangu. Ningemweka muuzaji wa jumla anayewaletea bidhaa, kama amezoea kuhesabiana naye fedha.

Nipo Utumishi: Mimi ningemkubali shangazi, mradi undugu uandikwe wazi na wadhamini wengine wasiwe ndugu.

Mtoto wa Genge: Na kama ana divisheni ya nne, si aifiche?

Nipo Utumishi: Tangazo likidai nakala za vyeti, kuificha hakumsaidii, na mwenye namba yake ya mtihani huyaona matokeo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Mimi huona afadhali iandikwe, na hisabati itajwe kando kama alifaulu.

Mwalimu Mstaafu: Hapo tunatofautiana. Tangazo lisipoitaja divisheni, ningeandika shule na mwaka tu, nikaacha waulize.

Dada wa Mbagala: Divisheni yake ni ya nne, na hisabati amepata C. Leo jioni tunaandika upya, na kwa muuzaji wa jumla atakwenda mwenyewe kuomba ruhusa. Kuhusu divisheni, tutalisoma tangazo tena kabla ya kuamua.